Kutoka Rosa Mistika hadi Nagona, msiruke katikati

Wiki iliyopita nilisikiliza mapendekezo manne ya tasnifu. Matatu yalibeba dai lile lile: mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi alianza na uhalisia, akasoma ng'ambo, akarudi na majaribio. Wadogo zangu, dai hilo nalijua vizuri. Niliwahi kulitetea mbele ya watu, na bado linaniuma.

1. Mwaka ulioandikwa kwenye nakala uliyonunua kwa wauza vitabu vya mtumba huenda ni wa chapa ya baadaye, kwa hiyo tafuta mwaka wa chapa ya kwanza. Kisha ziandike riwaya zake zote sita kwenye karatasi moja: Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979, Nagona 1990, Mzingile 1991. Pengo la miaka 11 utaliona lenyewe.

2. Pengo hilo ndilo lililonipoteza. Nilichukua Rosa Mistika na Nagona, nikaziacha nne. Nilijiambia kwamba nikishika ncha mbili, mabadiliko yataonekana wazi zaidi. Na kweli yalionekana. Upande mmoja kuna Ukerewe yenye majina na nyumba, na msimulizi anayeona hadi ndani ya mioyo ya watu. Upande wa pili kuna "mimi" asiye na jina, anayetembea katika nchi isiyo kwenye ramani na kukutana na wanafalsafa. Katikati nikaweka shahada ya uzamivu aliyoipata Wisconsin mwaka 1985, nikaiita sababu. Sura nzima niliijenga juu ya hiyo "sababu". Nilikuwa nikiirekebisha kwenye daladala, nimesimama, karatasi mkononi.

Siku ya utetezi mtahini aliniuliza kwa upole, "Kijana, Kazimoto wa Kichwamaji anasimulia kwa nafsi gani?" Nikajibu, nafsi ya kwanza. "Mwaka gani?" 1974. "Naye anahangaika na nini?" Nikanyamaza, maana jibu lilikuwa maana ya kuishi, na ndilo jambo nililodai mwandishi alilileta kutoka ng'ambo. Akaendelea: mwaka huo huo 1974 diwani yake ya Kichomi ilikuwa imetoka, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mtu huyu alikuwa akivunja umbo zamani sana kabla ya Wisconsin. Mwisho akaniomba nieleze Rosa Mistika inaishia wapi. Inaishia mbele ya Mungu, Rosa na baba yake Zakaria wakishitakiana baada ya kufa. Nilikuwa nimeisoma riwaya hiyo mara tano, na kila mara ukurasa huo niliuita "hitimisho la kimaadili" nikafunua unaofuata. Haukutoshea kwenye neno uhalisia, basi nikauacha. Nilirudishiwa sura mbili kuziandika upya, na nilistahili.

Ukiona mfano mmoja unakataa kukaa kwenye dai lako, anza na huo.

3. Usilinganishe "mtindo" kwa jumla. Chagua tukio la aina moja ulifuate katika riwaya zote. Nilipoandika upya nilichagua kifo, na swali dogo: nani analaumiwa? Kwa Rosa, mnyororo unahesabika kiungo kwa kiungo: ukali wa baba, msichana asiyefundishwa chochote kuhusu wanaume, uhuru wa ghafla chuoni, mchumba anayemkataa, kujiua. Sentensi nazo zinafuata mnyororo, hili kisha lile. Kwa Kazimoto, naye anayejiua, lawama imehamia kichwani mwake mwenyewe, na usimulizi unajaa maswali. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ananyongwa kwa kuua, na hapo siasa ya ujamaa imo ndani ya kesi. Gamba la Nyoka inaendeleza hapo, vijijini, kwa kejeli zaidi. Ukifika Nagona, mnyororo umekatika: mambo yanatokea bila chanzo, na swali la nani alaumiwe limegeuka kuwa swali la nini kinaweza kujulikana. Ndiyo maana wakati na mahali vimefutwa. Ukivibakiza vile vya Ukerewe, msomaji atatafuta mkosaji.

Mmoja wenu aliniuliza kama hii haimaanishi kwamba hakuna mabadiliko. Yapo, dada yangu, makubwa. Lakini katika Mzingile msimulizi anakwenda kumpelekea mzee mmoja habari za kifo cha mwanawe, na mzee huyo husomwa kama Mungu. Yule aliyekuwa hakimu kwenye kurasa za mwisho za 1971 sasa anafuatwa na binadamu mwenye habari ya msiba. Sura yako ianzie hapo, uniletee Ijumaa.