Presha kuka kwenye mwinuko: dakika ngapi, maji kiasi gani

"Presha kuka si inapandisha joto yenyewe? Kwa nini nikiwa mahali pa juu bado naambiwa niongeze muda?"

Inapandisha, ila haianzii pale pale. Kile kizibo kizito kinachokaa juu ya kifuniko hunyanyuka pale mvuke wa ndani unapouzidi msukumo wa hewa ya nje kwa kiasi fulani. Kwa presha kuka nyingi za kuwekwa juu ya jiko kiasi hicho ni pauni 15 kwa inchi ya mraba. Kizibo hakijui uko wapi. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua, na pauni 15 zinajumlishwa juu ya msingi mdogo zaidi. Jumla ya msukumo ndani ya sufuria inashuka, na joto linashuka nayo.

Kwenye usawa wa bahari sufuria ya pauni 15 hufika nyuzi 121 za Selsiasi. Kwa mita 2,400 hufika kama 117 tu. Nyuzi nne zinaonekana kidogo, lakini kwenye joto la namna hii tofauti ya nyuzi 10 hivi huongeza muda wa kuiva karibu mara mbili, kwa hiyo nne si za kupuuza. Hata hivyo sufuria ya kawaida isiyo ya presha ina hali mbaya zaidi, maana katika mwinuko huo maji yake yanachemka kwenye nyuzi 92 na hayapandi tena hata uongeze moto vipi.

"Naishi mita 2,400. Maelekezo niliyo nayo yanasema maharage makavu nusu kilo, bila kuloweka, maji lita moja na nusu, dakika 35. Nibadilishe nini?"

Anza na muda. Kanuni inayotumika sana ni hii: mita 600 za kwanza usizihesabu, kisha kwa kila mita 300 zinazofuata ongeza asilimia 5. Wewe ukitoa 600 unabaki na 1,800, ambazo ni mita 300 mara sita. Hiyo ni asilimia 30. Dakika 35 ukiziongezea asilimia 30 unapata 45 na nusu, basi weka 46. Anayeishi mita 1,500 angeongeza asilimia 15 tu na kuishia dakika 40.

Asilimia hiyo inahusu dakika za presha peke yake. Usiiweke kwenye muda wa kukaanga kitunguu, wala kwenye muda wa sufuria kupata moto. Saa inaanza kizibo kinapoanza kucheza mfululizo, au kile kijiti cha kuonyesha presha kinapokuwa kimesimama chote. Hapo punguza moto mpaka kizibo kicheze taratibu bila kukoma. Wanaohesabu filimbi badala ya dakika wataona hesabu hii haiwasaidii, kwa sababu idadi ya filimbi inafuata ukali wa moto na kiasi cha nafasi iliyobaki ndani. Moto ukiwa mkali sufuria hiyo hiyo itapiga filimbi nane na maharage bado mabichi katikati.

Dakika 46 zikiisha, zima moto na uiache presha ishuke yenyewe. Maharage yanaendelea kuiva wakati huo, na ukiyafungulia mvuke ghafla maji yanachemka kwa nguvu, povu linapanda hadi kwenye tundu la vali na maganda yanapasuka. Kijiko kimoja cha mafuta hupunguza povu. Na kwa maharage sufuria isipite nusu, pamoja na maji yake.

"Na yale maji lita moja na nusu, niongeze ngapi?"

Hapa ndipo watu wengi huzidisha, kwa kudhani maji na muda vinapanda pamoja. Muda unaongezeka kwa sababu joto limepungua. Maji yanaongezwa kwa sababu moja tu: mvuke unaotoka katika zile dakika za ziada. Kama sufuria yako haitoi mvuke, hakuna cha kufidia.

Kanuni ya haraka ni kuongeza maji kwa nusu ya asilimia uliyoongeza kwenye muda. Kwako ni asilimia 15, yaani mililita 225. Inatosha kuzuia kuungua, lakini kwa sufuria nzuri inaacha maji mengi. Ni bora uipime yako mara moja. Tia lita moja kamili ya maji matupu, funga, ipe presha, shusha moto kama unavyofanya siku zote, na hesabu dakika 10. Zima, iache ipoe yenyewe, kisha yapime maji yaliyobaki. Tuseme umepata mililita 900. Zimepotea 100 kwa dakika 10, yaani kama 10 kwa kila dakika. Maharage yako yameongezewa dakika 11, kwa hiyo yanadai mililita 110, nusu kikombe hivi, siyo 225.

Ukikuta zimepotea 300 au zaidi, usikimbilie kuongeza maji. Moto wako ni mkali mno au raba ya kifuniko imechoka. Ipitishe kidole mzunguko mzima. Raba iliyokakamaa, yenye nyufa au iliyolegea haifungi vizuri, na utaona matone au mvuke ukitoka pembeni ya kifuniko badala ya kutoka kwenye vali.

"Nyama inaiva vizuri nikiongeza muda, ila mchuzi unakuwa mwepesi kama supu. Nimekosea wapi?"

Umeongeza maji ambayo hayakuhitajika. Nyama yenyewe inatoa majimaji, na ikikaa muda mrefu zaidi inatoa mengi zaidi, hivyo dakika za ziada zinajilipa. Kama maelekezo yanasema dakika 25, kwa mita 2,400 pika 33 na uache kimiminika kilivyo. Angalia tu kwamba hakipungui kiwango cha chini cha sufuria yako, ambacho kwa nyingi ni kama mililita 250. Soma kijitabu chake, kwani nyingine hutaka zaidi.

Mchuzi uliokwisha kuwa mwepesi toa nyama pembeni, kisha uchemshe bila kifuniko mpaka upungue. Unga wa kuzitisha utie wakati huo, presha ikiwa imeshatoka. Ukiutia mwanzoni unazama chini, unashika kwenye kitako na kuungua huku juu kukiwa bado na maji tele.

"Yangu ni ya umeme. Ninafuata mapishi yaliyoandikwa kwa ya jiko la gesi na kila kitu kinatoka kigumu, hata nikiongeza ile asilimia 30."

Una mapunguzo mawili na umefidia moja. Nyingi za umeme hazifiki pauni 15, zinakaa kati ya 10 na 12. Kwenye usawa wa bahari hiyo ni kama nyuzi 116, na kwa mita 2,400 inashuka hadi karibu 111. Kwa hiyo fidia mwinuko kwanza, kisha ongeza theluthi nyingine kwa ajili ya mashine. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha ambayo kwa gesi yangechukua dakika 12 yanakuwa 16 kwa sababu ya mwinuko, halafu 21 kwa sababu ya umeme. Chukua hiyo kama mahali pa kuanzia na urekebishe baada ya kuonja. Lakini kama mapishi yaliandikwa kwa mashine ya umeme tangu mwanzo, theluthi hiyo usiiweke.

Maji usiongeze. Kijiti cha kufungia kikishapanda, mashine isiyo na hitilafu huwa haitoi mvuke mpaka umalize. Kabla ya yote hayo tazama kwenye mipangilio yake, kwa sababu baadhi zina sehemu ya kuweka mwinuko wa mahali. Ukiweka pale, mashine inajiongezea muda yenyewe, nawe ukiongeza tena kwa mkono utatoa uji.

"Nimefungua nikakuta maharage hayajaiva. Nimeyaacha yachemke bila kufunga, saa nzima imepita na bado."

Yafunge tena. Mahali pa juu kumalizia wazi ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote: umeyatoa kwenye nyuzi 117 ukayapeleka kwenye 92. Kazi ya dakika 5 chini ya presha inaweza kukuchukua karibu nusu saa bila presha, na hapo hujahesabu maji yanayokauka njiani. Hakikisha yamefunikwa na maji, na kama yamepungua ongeza ya moto, kwa kuwa ya baridi yanachelewesha presha. Rudisha kifuniko, yape dakika 6 hadi 8, acha ishuke yenyewe, halafu onja punje tano kutoka sehemu tofauti. Punje moja haitoshi kukupa jibu.

Kama raundi ya pili nayo haisaidii, mwinuko hauna hatia. Kwa kawaida maharage ni ya siku nyingi ghalani, au umetia nyanya au ndimu mapema. Uchachu hulifanya ganda likatae kulainika, basi viungo hivyo viingie baada ya maharage kuiva.

"Wali na mboga za majani navyo niviongezee asilimia?"

Mboga za dakika 2 hazihitaji kitu, asilimia 30 yake ni nusu dakika na utaipoteza ukitafuta kitambaa cha kushikia kifuniko. Wali mweupe wa dakika 4 upe 5, kisha uache dakika 10 bila kufungua. Maji ongeza vijiko viwili vya chakula kwa kila kikombe cha mchele ikiwa sufuria ni ya kizibo kizito, na ya umeme usiongeze. Ukiongeza zaidi, mchele unayanywa yote na kuvimba mpaka unashikana.

"Nikiweka kitu kizito juu ya kizibo ili presha ipande, si nitapata joto lile lile la usawa wa bahari?"

Usifanye. Kizibo hicho ndicho kinachoamua mvuke utoke lini, na ukikikandamiza unabaki na vali ya usalama peke yake, ambayo imewekwa kwa dharura na wala si kwa kupikia. Ikifunguka hurusha mvuke na chakula cha moto jikoni. Unachokosa ni nyuzi nne, na dakika 11 za maharage zinazifidia zote.