Printa ya waifai imegoma baada ya kubadilishiwa ruta

"Nimewekewa ruta mpya, printa haichapishi tena. Ni lazima niifute mipangilio yote?"

Hapana, mkuu. Printa bado inatafuta waifai ya zamani. Ingia kwenye ruta mpya, uipe jina na nenosiri lile lile la zamani, herufi kubwa na ndogo zisipishane. GHz 2.4 iwe imewashwa, maana printa nyingi za nyumbani haziioni GHz 5. Usalama weka WPA2. Ukiacha WPA3 peke yake, printa za zamani hukwama. Kisha zima printa, iwashe, subiri dakika mbili.

Taa ya waifai ikitulia lakini kompyuta bado inaandika Offline, basi shida iko kwenye anwani ya IP ya printa. Chapisha ripoti ya mtandao kwenye printa yenyewe uisome. Tuseme zamani ilikuwa 192.168.1.20, sasa ni 192.168.0.20: Windows bado inapiga hodi nyumba iliyohamwa. Fungua Printer properties, nenda Ports, bonyeza Add Port, chagua Standard TCP/IP Port, andika anwani mpya. Mwisho, ifungie printa anwani hiyo kwenye ruta, la sivyo itahama tena.

Kama nenosiri ulilibadili makusudi kuwakwepa majirani, usilirudishe. Ingiza jipya kwenye menyu ya waifai ya printa.