Picha 380 za madaftari kuwa PDF moja, convert inaua mashine

"Wakuu nina picha 380 nimepiga kwa simu, majina 1.jpg mpaka 380.jpg, nataka ziwe PDF moja. Nikiandika convert *.jpg kazi.pdf laptopu inaganda halafu inanitemea cache resources exhausted. Nifanyeje?"

Mkuu achana na convert kwa kazi hiyo. Mimi niko Kirumba hapa Mwanza, nina steshenari, na kazi za hivi naletewa sana na watu wa dagaa pale Mwaloni, mtu ana madaftari ya mikopo ya miaka kibao anataka yawe faili moja amtumie mwenzake.

Shida ni hii, convert anaifungua kila picha mpaka pikseli tupu na anataka kuzishika zote kwa pamoja kabla hajaandika chochote. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, kila pikseli inakula baiti 8 hivi, yaani picha moja ya MB 3 inakuwa MB 96 kwenye ram, zidisha kwa 380 unavuka GB 36. Hapo ndo lile faili la policy.xml, lenye kikomo cha ram na diski anachoruhusiwa convert, linamkaba anakutemea huo ujumbe. Kuna watu watakwambia ukaongeze namba humo ndani, usihangaike, utaishia kujaza diski tu na kazi itatambaa, na hata ikiisha picha zako zitakuwa zimekandamizwa upya bila sababu.

Tumia img2pdf. Huyu picha ya jpg haifungui kabisa, anaichukua ilivyo anaivalisha ganda la PDF basi, kwa hiyo ni fasta na ubora haushuki hata chembe. Ila ubaya wake upo hapohapo, PDF inakuwa na uzito wa picha zote zikijumlishwa, zako zikiwa MB 3 kila moja ni zaidi ya GB 1, nani atalipokea hilo. Ndo maana mimi napunguza kwanza:

```
sudo apt install img2pdf imagemagick poppler-utils
mkdir ndogo
mogrify -path ndogo -auto-orient -resize '2000x2000>' -quality 75 *.jpg
```

mogrify anashika picha moja moja, akimaliza anaiachia, kwa hiyo hata laptopu ya ram ndogo inavumilia, na kwa sababu ya hiyo -path picha zako za mwanzo haziguswi. Pikseli 2000 upande mrefu kwenye A4 mwandiko wa peni unasomeka vizuri tu. Usije ukazigeuza nyeusi na nyeupe kubana uzito kabla hujaangalia daftari, mama mmoja wa dagaa deni lililolipwa anakata kwa peni nyekundu juu ya maandishi ya bluu, ukitoa rangi hujui tena nani kalipa nani bado.

Sasa mpangilio, hapa ndo wengi wanaumia. Ukiandika *.jpg kompyuta inapanga kama maneno, yaani 1, 10, 100, 101, halafu 2 inakuja huko mbele kabisa, na hautapewa onyo lolote, PDF inatoka safi ila kurasa zimevurugika. Dawa ni sort -V, yeye anasoma namba kama namba:

```
cd ndogo
printf '%s\0' * | sort -zV | img2pdf --from-file - --pagesize A4 --auto-orient -o ../madaftari.pdf
```

Hiyo \0 na z ni kwamba hata jina la faili likiwa na nafasi katikati halikatwi vipande. Na ile --auto-orient ya pili sio sawa na ya mogrify japo jina moja, ya mogrify inanyoosha picha iliyolala, hii ya img2pdf inalaza karatasi ya A4 pale picha yenyewe ni ya upana. Akilalamika habari za rotation ongeza --rotation=ifvalid, kuna simu zinaandika alama ya mzunguko isiyoeleweka. Picha za png zenye uwazi nazo huwa anazikataa ila wewe zako za kamera hazina hiyo.

Ukimaliza hesabu kabla hujamkabidhi mtu:

```
cd ..
ls | grep -ic 'jpg$'
pdfinfo madaftari.pdf | grep Pages
```

Namba zikitofautiana mara nyingi kuna faili zinaishia .JPG kwa herufi kubwa au .jpeg, Linux anaziona ni vitu tofauti na *.jpg inaziruka kimya kimya. Hizo za .JPG rudia tu mstari wa mogrify na *.JPG, ziingie ndogo humohumo, kisha unga upya. Za .jpeg hata hiyo grep haizioni kwa hiyo piga ls ya kawaida pia uangalie kwa macho. Halafu fungua ukurasa wa 2, wa 10 na wa 100, ukikuta daftari linafuatana tuma.

Kama picha ulitumiwa wasap kama picha za kawaida ruka hatua ya mogrify, zimeshabanwa tayari, ukizibana tena mwandiko wa penseli unapotea. Hapo usiandike cd ndogo wala cd .., baki kwenye folda ya picha, kwenye ule mstari wa printf badala ya * weka *.jpg na badala ya ../madaftari.pdf weka madaftari.pdf.