Kupikia harusi ya watu sitini kwa meko mawili ya kuni na jiko moja la mkaa

Anayeanza kazi ya kupikia sherehe hupokea kwa kamati orodha ya vyakula, kisha huenda kutafuta vyombo vya kuvipikia. Mimi nakushauri uanze na moto na masufuria, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyokuambia ni vyakula gani vinawezekana.

Katika harusi moja niliyoipikia Uyole, Mbeya, nilikabidhiwa shilingi 300,000 kwa wageni sitini, vinywaji vikiwa mbali. Vyombo vilikuwa meko mawili ya kuni, jiko moja la mkaa, na masufuria matatu, la lita 50, la lita 30 na la lita 15. Kamati ilitaka pilau, kuku wa kukaanga, chapati, maharage na matunda. Chapati 120, hata kama kila moja ingekaa dakika mbili tu kikaangoni, zingeshikilia moto mmoja kwa saa nne. Kuku nao, kwa karai linalobeba vipande kumi na viwili kwa dakika kumi na tano, wangehitaji zaidi ya saa nzima ili kupata vipande sitini, na wa kwanza wangekuwa wamepoa kabla ya wa mwisho kuiva. Niliieleza kamati hesabu hiyo mbele ya meko yenyewe, na vyakula hivyo viwili vikaondolewa bila ugomvi.

Pilau ilibaki, lakini sikuchanganya nyama ndani yake. Nyama ikiwa ndani ya pilau haihesabiki: wanaotangulia kupakuliwa huzipata minofu, na meza za nyuma huambulia mchele. Nilichemsha nyama peke yake kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, nikaitoa, supu yake nikapikia pilau, na nyama nikaiunga rosti katika sufuria la lita 30. Kwa njia hiyo pilau ilikuwa na ladha ya nyama, na kila mgeni alipewa vipande viwili kwa mkono wa mpakuaji.

Kadi zikiwa sitini, pikia watu sabini, kwa kuwa dereva, mshereheshaji, wapiga picha na wapishi wenyewe hawamo kwenye kadi, na watoto huja na mama zao. Vipande viwili kwa watu sabini ni vipande 140, nami nilinunua kilo 12 za nyama ya ng'ombe na kusimama buchani wakati inakatwa, kila kipande kikiwa na gramu 85 hivi, kwa sababu nyama hupungua takribani theluthi ikichemka. Nyama peke yake ilichukua shilingi 120,000. Mchele wa Kyela nilihesabu gramu 150 kwa mtu, ikawa kilo kumi na nusu, ambazo zikiiva hufikia kama lita thelathini na zaidi na kuacha nafasi ya kugeuza katika sufuria la lita 50. Kwa wingi huo usitumie vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele kama nyumbani. Kimoja na nusu kinatosha, maana mvuke hautoki haraka, na mchele mpya huhitaji hata pungufu. Pika kikombe kimoja siku moja kabla ili uujue mchele wako. Supu ikikauka, punguza kuni na uweke makaa juu ya mfuniko, la sivyo chini kutaungua huku juu kukiwa na kiini.

Maharage, kilo nne, yalipikwa usiku wa kuamkia harusi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo aliyezoea kupika Dar es Salaam aongeze muda na ayaloweke tangu asubuhi. Hatari yenyewe huja baada ya kuiva. Zamani, huko Iringa, niliyafunika yakiwa moto ndani ya sufuria kubwa nikidhani baridi ya usiku itayalinda. Asubuhi yalikuwa na povu jembamba na harufu ya uchachu, nikayamwaga yote. Joto la katikati ya sufuria lenye kina halitoki upesi hata nje kukiwa na baridi. Tangu hapo huyamwaga katika mabeseni mapana, tabaka nyembamba, na kuyafunika kwa kitambaa chepesi. Yakipoa huyahifadhi mahali penye baridi, na asubuhi huyachemsha mpaka yatokote kabisa kabla ya kuunga.

Kwa kuwa mioto yote mitatu ilikuwa na kazi, mboga ilikuwa kachumbari, iliyokatwa saa moja kabla ya kupakua na kutiwa chumvi mwishoni ili isitoe maji. Tunda lilikuwa parachichi la Rungwe, nusu kwa kila mtu.

Baada ya manunuzi yote, kuni na mkaa vikiwemo, zilibaki shilingi zipatazo 29,000, ambazo sikuzigusa hadi wageni walipoketi. Vipande vya nyama vilivyosalia vilikuwa tisa, nasi wapishi tulikuwa watano.