Kupata wazazi kwa WhatsApp: namba isiyoseviwa haikusaidii

"Tunaweka matangazo ya shule kila siku Instagram na stetasi, laiki nyingi ila wazazi hawaji. Tunakosea wapi?"

Ndugu, shikamana na WhatsApp kwanza, maana mzazi anaamulia huko. Na kuna jambo shule nyingi hazilijui: stetasi yako haionekani kwa mzazi ambaye hajasevu namba ya shule kwenye simu yake. Ujumbe unaotuma kwa wengi kwa mpigo kupitia orodha ya matangazo nao haumfikii. Unaweza kuposti mwezi mzima ukisomwa na walimu wako tu. Fungua stetasi uangalie majina ya waliotazama, utaona mwenyewe.

Hapa shuleni kwetu Tabata tulikuwa hivyohivyo. Mzazi akiuliza "ada shilingi ngapi?" tulimjibu "karibu ofisini", naye akapotea. Sasa tunamwandikia ada yote, inalipwa kwa awamu ngapi, na basi linapita wapi. Mzazi wa Segerea anataka kujua mtoto atachukuliwa saa ngapi, maana saa kumi na moja alfajiri kwa mtoto wa chekechea ni mateso. Kisha tunamwomba: "Sevu namba hii, Ijumaa tunaweka video ya darasa la kwanza wakisoma." Akisevu, nasi tunamsevu kwa jina, mtaa na darasa analoulizia.

Picha za watoto, ombeni ruhusa ya wazazi wao kwanza.

Laiki msizihesabu, wengi ni wanafunzi wenyewe. Hesabuni waliouliza ada, waliofika shuleni, waliochukua fomu. Wakiuliza wengi na kufika wachache, kagueni majibu yenu kabla ya kulipia tangazo jingine. Anzeni Oktoba, kabla ya muhula wa Januari.