Ratiba ya video inaanzia kwenye daftari la oda

Naoka keki za oda nyumbani, Tabata. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naposti video Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi, kwa sababu ndipo keki zinapokuwa zimekamilika na zinapendeza. Ujumbe uliokuja ulikuwa uleule: "Dada, nataka kama hii ya kesho." Haiwezekani. Oda za Jumamosi nazifunga Alhamisi saa sita mchana, maana Ijumaa nzima ni kuoka na kupamba. Nilikuwa naita wateja mlango ukiwa umeshafungwa.

Siku moja nikachukua daftari la oda la miezi mitatu nikaangalia kila mteja aliagiza siku gani. Wengi walikuwa Jumanne jioni na Jumatano. Tangu hapo ratiba yangu ya video naipanga kuanzia siku ya kufunga oda, nikirudi nyuma. Keki niliyoirekodi Ijumaa hii haionekani mtandaoni mpaka wiki ijayo.

Naweka video tatu tu kwa wiki. Nilishajaribu kila siku. Wiki ya tatu nikachoka, nikanyamaza mwezi mzima.

Ya Jumatatu jioni inajibu swali moja nililoulizwa kwenye inboksi wiki iliyopita. Mfano: keki ya kilo moja inatosha watu wangapi? Badala ya kueleza, naikata mbele ya kamera na kuhesabu vipande mpaka kumi. Hii haiuzi kitu siku hiyo, ila watu wanaihifadhi na kuwatumia wenzao wanaopanga shughuli.

Ya Jumatano ndiyo ya biashara. Keki iliyokamilika, bei yake, maeneo ninayopeleka, na maneno "mwisho wa oda kesho saa sita mchana" yameandikwa kwenye video yenyewe. Usiwaambie watu "bei inboksi". Wengi hawaji, na wanaokuja unatumia jioni nzima kuwajibu jambo lilelile. Naiweka saa moja usiku, baada ya kuona kwenye takwimu za akaunti yangu kwamba ndipo wafuasi wangu wengi wapo hewani. Wako wanaweza kuwa na saa nyingine, kaziangalie.

Ya Jumapili ni kazi tu: mkono unapaka krimu, waridi linatoka kwenye mfuko wa kupambia, basi.

Zote tatu zinatoka kwenye keki moja au mbili za Ijumaa. Simu naiweka wima kwenye stendi karibu na dirisha, nafuta lenzi (mafuta ya siagi yameniharibia video nyingi kuliko giza), narekodi vipande vifupi vya sekunde tano hadi kumi: kabla ya krimu, wakati wa kupaka, ikiwa tayari, kisu kikiingia. Sauti naiweka baadaye, watoto wakilala. Jumapili usiku nahariri zote kwa mkupuo, na nahifadhi nakala safi kabla ya kuipandisha TikTok. Ukiipakua kutoka huko ikiwa na alama yao na kuihamishia Instagram, unajinyima watazamaji. Instagram walishasema tangu 2021 kwamba video zenye alama za programu nyingine hawazisukumi mbele.

Sasa, utajuaje kama ratiba inafanya kazi? Kila anayeagiza namuuliza, "Umeniona kwenye video ipi?" na naandika kando ya oda yake. Video yangu moja ya waridi ilitazamwa mara 40,000, ikaleta oda mbili, moja ya mtu wa Mbeya nisiyeweza kumpelekea. Ya bei ya wiki hiyohiyo ilitazamwa mara 900 na kuleta oda sita. Bila daftari ningetengeneza mawaridi mwaka mzima.

Video ikianguka kabisa, naangalia mchoro unaoonyesha watu walitoka sekunde ya ngapi. Zangu za mwanzo zilikuwa zinaporomoka sekunde ya tatu, nikiwa bado nasema "habari zenu wapendwa wangu". Siku hizi kisu kinaingia kwenye keki kwanza, salamu imekufa.

Ratiba hii ya wiki haifai kwa keki za sendofu na harusi. Wale huagiza wiki tatu au zaidi kabla, kwa hiyo video zao naziweka mwezi mmoja kabla ya msimu. Idi nayo husogea kila mwaka, usiinakili ratiba ya mwaka jana.

Halafu kuna wiki umeme unakatika au mtoto anaumwa. Kwa ajili hiyo simu yangu ina video mbili za akiba. Hazina bei, tarehe wala jina la sikukuu, kwa sababu niliwahi kuweka ya akiba yenye bei ya kabla siagi haijapanda, na mteja akanidai niuze kwa bei hiyohiyo. Nikauza.