Maswali na majibu: Kutafsiri ombi la mchango wa msiba na matibabu

"Binamu yangu aliyeko Marekani ameandika ombi la kumsafirisha marehemu kaka yake hadi Moshi. Nimelitafsiri kwa Kiswahili, lakini wazee wa ukoo wamesema tunaombaomba. Nimekosea wapi?"

Poleni sana kwa msiba. Nimesoma rasimu yako: "Tafadhali nisaidie kumrudisha kaka yangu. Kiasi chochote kitasaidia." Kwa Kiingereza hayo ni maneno ya kawaida, maana mwandishi anazungumza na watu asiowajua. Wewe unazungumza na baba zake wadogo na shangazi zake. Ukiwaambia "nisaidie", umewatoa kwenye msiba wao wenyewe na kuwageuza wafadhili.

Anza na familia, kisha uwaingize wasomaji ndani ya kitenzi: "Familia ya marehemu inawaomba ndugu, jamaa na marafiki tushirikiane kumleta mpendwa wetu azikwe nyumbani." Neno "msaada" liondoe kila lilipo, uweke "mchango". Msaada una mtoaji na mpokeaji. Kuchanga ni kazi ya wengi, kila mtu na sehemu yake. Ile "kiasi chochote kitasaidia" ndiyo iliyowaudhi zaidi, nami ningeifuta kabisa. Mahali pake pana maneno yetu: "kwa hali na mali". Asiye na fedha atakuja kuchota maji na kupika msibani, na huyo naye amechanga.

"Niweke hesabu? Naona zinakausha maneno."

Weka, ila tatu tu: gharama yote, kilichokwisha kupatikana, kilichobaki. "Gharama ni Sh 14,000,000. Familia imechanga Sh 9,500,000. Zimebaki Sh 4,500,000, zinahitajika kabla ya Ijumaa." Ile namba ya katikati ndiyo inayoondoa sura ya kuomba, kwa sababu inaonyesha wenye msiba wametangulia kujitoa. Ombi la Kiingereza mara nyingi hutaja lengo tu, basi mpigie binamu yako akupe hiyo iliyokosekana. Na chini ya namba ya simu ya mweka hazina andika jina kama linavyotokea kwenye skrini mtu anapotuma pesa. Likitofautiana, watu husita.

"Ombi la mgonjwa wetu linasema kwa Kiingereza kwamba anapigana vita na saratani. Nitafsiri hivyo hivyo?"

Hapana. Sema "anaugua saratani, amelazwa tangu Jumatatu", kisha taja tiba anayosubiri na siku inayoanza. Vita hivyo kwa Kiswahili vinasikika kama tangazo.

Lakini kabla ya hapo muulize mgonjwa mwenyewe kama ugonjwa utajwe. Alikubali usomwe na wageni wa mbali. Tafsiri yako itasomwa na wakwe zake na majirani. Akikataa, "anaendelea na matibabu hospitalini" inatosha, na zile hesabu tatu zitabeba ombi.